Marejesho "yamelipwa" lakini akaunti ilishafungwa: pesa iko wapi, na inatokaje tena?

Mteja anapiga simu kampuni ya bima. Anajibiwa, "Marejesho yako tulishalipa, dada, tangu tarehe 4." Anapiga simu benki. Anajibiwa, "Hakuna kilichoingia." Anarudi bima, anaambiwa yaleyale, safari hii kwa sauti iliyochoka kidogo. Mwisho anaamini kwamba mmoja kati ya hawa wawili anamdanganya.

Mara nyingi hakuna anayedanganya. Nimefanya kazi miaka kadhaa kwenye dawati linaloshughulikia malipo yaliyorudi, na mazungumzo haya nimeyasikia mpaka nimeyakariri. Kinachoniumiza ni kwamba pesa yenyewe huwa haijapotea. Imekaa mahali, ina alama, na ina njia ya kutoka. Ila njia hiyo haifunguki kwa kile ambacho karibu kila mtu hukifanya kwanza, yaani kuingia kwenye mfumo na kubadilisha namba ya akaunti, kisha kungoja.

Nitaeleza njia hiyo kwa marejesho ya bima, kwa sababu ndiyo niliyoishi nayo. Ya kodi hupita palepale, isipokuwa kwa mambo mawili nitakayoyagusa mwishoni.

Namba hunakiliwa mara moja tu

Mlipaji mwenye watu mia tano wa kurejeshewa hawalipi mmojammoja. Mfumo wake hukusanya madai yote yaliyoidhinishwa, kwa kawaida usiku, na kuyaweka kwenye faili moja la malipo. Kila mstari wa faili una vitu vichache: jina la mlipwaji, namba ya akaunti, kiasi na namba ya kumbukumbu. Namba ya akaunti huchukuliwa kwenye taarifa zilizohifadhiwa dakika ileile faili linapoandaliwa. Kuanzia hapo mstari ule unajitegemea. Ukibadilisha taarifa zako saa moja baadaye, taarifa zitabadilika, lakini faili litabaki kama lilivyo.

Asubuhi faili linakwenda benki ya mlipaji, benki inakata jumla yake, na mfumo unaandika mbele ya kila dai neno moja: Imelipwa. Neno hilo ndilo linalozaa ugomvi wote. Maana yake halisi ni kwamba agizo limetoka na benki yetu imelipokea. Halisemi chochote kuhusu upande wa pili. Mhudumu wa simu anayekwambia "tumelipa" anasoma neno hilo kwenye skrini, na kwa kiasi cha alichoonyeshwa, anasema kweli.

Wengi huuliza kwa nini mfumo usigundue mapema kwamba akaunti imefungwa. Ni swali zuri, na jibu lake liko kwenye namna namba za akaunti zinavyohakikiwa. IBAN, yaani namba ya akaunti ya kimataifa, kwa mfano, ina herufi 2 za nchi zikifuatwa na tarakimu 2 za uhakiki. Mfumo huzihamisha herufi na tarakimu hizo nne hadi mwisho, hugeuza kila herufi kuwa namba, kisha hugawanya namba yote kwa 97. Baki ikiwa 1, namba imekubalika. Ukikosea tarakimu moja au ukibadilishana mbili zilizo jirani, hesabu inakataa papo hapo. Sasa fikiria akaunti iliyofungwa. Namba yake haina kosa lolote la uandishi. Ilipita hesabu hii siku ilipofunguliwa na itaendelea kuipita daima. Kama akaunti iko hai au la, anayejua ni benki moja tu, ile iliyoifungua, na kwa malipo mengi benki hiyo haiulizwi mpaka pesa ifike mlangoni kwake.

Zipo huduma za kuuliza kabla ya kulipa, kama jina na namba vinaoana. Katika nchi zinazotumia yuro, benki zinatakiwa kuwapa walipaji huduma hiyo tangu Oktoba 2025. Lakini kampuni na taasisi zinazotuma malipo kwa mafungu zimeruhusiwa kuchagua kutoitumia, na marejesho hutumwa kwa mafungu.

Safari ya kurudi

Benki yako ya zamani ikipokea mstari wenye akaunti iliyofungwa, haina pa kuuweka. Hairuhusiwi kuibuni akaunti yako mpya, hata kama ulipofunga uliwaambia unahamia wapi, labda uwe ulihama kwa huduma rasmi ya kuhamisha akaunti ambayo huelekeza malipo upande mpya kwa muda. Kwa hiyo inairudisha pesa ilikotoka na kubandika sababu.

Sababu hiyo ni msimbo mfupi, na ningependa kila mwenye marejesho yaliyokwama ajue kwamba upo. Kwenye mitandao inayotumia ISO 20022, kiwango cha kimataifa cha ujumbe wa malipo kati ya benki, urudishaji ni ujumbe uitwao `pacs.004`, na ndani yake utakuta `AC04` kama akaunti imefungwa, `AC01` kama namba si sahihi, au `AC06` kama akaunti imezuiwa. Kwenye ACH, mtandao wa Marekani wa malipo ya mafungu kati ya benki, `R02` ni akaunti iliyofungwa na `R03` ni akaunti isiyopatikana au isiyolingana na jina. Tofauti hizi zina uzito. `AC04` inamwambia karani atafute akaunti nyingine. `AC01` inamwambia huenda kuna aliyekosea kuandika. `AC06` inaweza kumaanisha kwamba akaunti ni ileile na ni sahihi, ila una shauri la kumaliza na benki yako kwanza, na kumpa mlipaji namba mpya kabla ya kujua hilo ni kuruka hatua.

Kurudi kwenyewe ni kwepesi. Kwa ACH, benki ina siku 2 za kazi kurudisha malipo ya namna hii. Kwa malipo ya kawaida ya yuro ndani ya SEPA, eneo la pamoja la malipo ya yuro, ni siku 3 za kazi. Pesa ikivuka mipaka kupitia benki za kati inaweza kuchukua wiki na zaidi, na kila benki ya kati inaweza kukata ada yake njiani. Kumbuka hiyo ada, tutairudia.

Kwa kifupi, mara nyingi sehemu ya benki huisha ndani ya wiki. Mteja anayesubiri wiki sita, wiki tano amezisubiri ndani ya ofisi ya mlipaji.

Imerudi, lakini ni ya nani?

Taarifa ya benki ya mlipaji huingizwa kwenye mfumo kila siku ya kazi, na mfumo hujaribu kuoanisha kila kilichoingia na kitu unachokijua. Pesa iliyorudi ikija na namba yake ya kumbukumbu, kiasi kilekile na msimbo wa sababu, mfumo unaitambua: hii ni ile ya tarehe 4. Neno "Imelipwa" linafutwa, dai linafunguliwa tena, na barua au ujumbe unatoka kwako kuomba akaunti mpya. Ndivyo inavyotakiwa kwenda, na mara nyingi ndivyo inavyokwenda.

Inapokwama, hukwama kwa vitu vidogo vya kusikitisha. Kumbukumbu imekatwa njiani kwa sababu mfumo mmoja unaruhusu herufi chache kuliko mwingine. Jina lililokuja ni la benki iliyorudisha badala ya lako. Au kiasi hakilingani: ilitoka 642.50, ikarudi 639.50 kwa sababu ya ile ada. Mfumo unatafuta 642.50, hauioni, unaiacha. Pesa inaingia kwenye akaunti ya kusubiri, mahali pa kuwekea fedha ambazo mwenyewe hajatambuliwa, na hapo inangoja jicho la binadamu. Wakati huohuo dai lako bado limeandikwa Imelipwa. Kwa hiyo kampuni ina pesa yako mkononi, na skrini ya mhudumu inaapa kwamba unayo wewe.

Nichukue mfano mmoja, hatua kwa hatua, unaofanana na mengi niliyoyashika. Mteja amekatisha bima ya gari katikati ya mwaka. Anadai marejesho ya miezi iliyobaki, 642.50. Akaunti iliyohifadhiwa ni ile aliyokuwa akikatwa michango, na aliifunga mwaka jana alipohama benki. Kwa kuwa mwaka huu alilipa mchango wote kwa kadi, hakuna aliyegundua.

Jumatatu tarehe 3 usiku faili linaandaliwa. Jumanne tarehe 4 linatumwa. Ijumaa tarehe 7 pesa imerudi, ikiwa na `AC04`. Jumamosi tarehe 8 mteja, ambaye hajapata kitu, anakumbuka ile akaunti ya zamani, anaingia kwenye programu ya simu na kuweka namba mpya. Programu inamjibu: taarifa zako zimehifadhiwa. Anapumua.

Jumatatu tarehe 10 taarifa ya benki inaingizwa, na uoanishaji unashindwa kwa sababu kumbukumbu imekatika. Alhamisi tarehe 13 karani anaikagua akaunti ya kusubiri, anatafuta kwa kiasi na tarehe, anaipata, anafungua dai upya. Kufikia hapo kila kitu kinakwenda sawa. Jumatatu tarehe 17 usiku faili jipya linaandaliwa, malipo yanatoka, na Ijumaa tarehe 21 yanarudi tena. `AC04`. Akaunti ileile iliyofungwa.

Imekuwaje? Namba yake mpya iliingia kwenye taarifa zake binafsi. Lakini marejesho hayakutoka kwenye taarifa binafsi. Yalitoka kwenye bima, na kila bima katika mfumo ule hubeba namba yake ya akaunti, ile iliyoandikwa siku ilipofunguliwa. Mabadiliko ya mteja husambazwa kwenye bima zilizo hai. Ya kwake ilishakatishwa, na iliyokatishwa hufungwa isihaririwe. Hakuna aliyemwambia hivyo, na programu haikuwa na mahali pa kusema hivyo. Nimewaona watu wenye akili timamu kabisa wakipitia mzunguko huu mara tatu, kila mara wakihakikisha kwamba namba mpya imo, na imo kweli.

Kilichomtoa ni simu ya Jumatatu tarehe 24, iliyofika kwenye idara ya malipo badala ya dawati la kawaida. Karani aliacha njia ya kawaida, akaandaa malipo ya mkono: agizo la pekee ambalo namba ya akaunti huandikwa ndani yake moja kwa moja, likiidhinishwa na mtu wa pili ambaye hakuliandaa. Jumanne tarehe 25 lilitoka, Jumatano likaingia.

Kwa nini wanakuuliza maswali mengi hivyo

Mteja aliyengoja mwezi mzima hukasirika akiombwa kitambulisho na barua ya benki ili alipwe pesa yake mwenyewe. Hasira hiyo naielewa. Lakini tazama kwa jicho la anayelipa: kuna pesa imeidhinishwa, imelala, na mtu kwenye simu anaomba ipelekwe akaunti ambayo haijawahi kuonekana. Hivyo ndivyo hasa mwizi wa marejesho anavyojitokeza. Kwa hiyo mabadiliko ya akaunti wakati kuna malipo yanayosubiri huwekewa kizuizi, na kuna sehemu kizuizi hicho hudumu siku kadhaa hata baada ya nyaraka zote kukubaliwa.

Kinachofupisha muda ni kuleta ushahidi wa pande zote mbili kwa mara moja. Upande mpya: barua ya benki au taarifa ya akaunti yenye jina lako kamili na namba nzima, si picha ya kadi, kwa sababu namba ya kadi si namba ya akaunti. Upande wa zamani: barua ya kufunga akaunti yenye tarehe. Ya pili watu huidharau, na mimi naiona ndiyo yenye nguvu zaidi. Ikionyesha kwamba akaunti ilifungwa kabla ya tarehe ya malipo, swali la kama ulilipwa au hukulipwa linakufa palepale, hata kabla pesa iliyorudi haijatambuliwa. Jina nalo liangaliwe. Bima ikiwa kwa jina la kabla ya ndoa na akaunti mpya kwa jina la baada ya ndoa, weka cheti humo humo.

Hapa niseme jambo ambalo nalisema kwa moyo wote: wezi wanaujua mchakato huu vizuri. Ujumbe usemao "marejesho yako yamerudi, bofya hapa uweke akaunti mpya" unafanana na ule wa kweli neno kwa neno. Usibofye. Chukua namba ya simu iliyo kwenye hati yako ya bima au barua ya zamani ya mamlaka ya kodi, piga wewe, uulize. Kama ni kweli wataliona kwenye faili lako. Na hakuna karani wa marejesho anayehitaji neno lako la siri au namba ya mara moja iliyotumwa kwenye simu yako ili akulipe.

Cha kuuliza ukipiga simu

Ukiuliza "pesa yangu iko wapi?" utasomewa neno Imelipwa. Uliza hivi: malipo ya tarehe fulani yalikwenda kwenye akaunti inayoishia na tarakimu zipi? Zikiwa za ile ya zamani, swali la pili: je, yamerudi, na kwa msimbo gani? Wakisema hawaoni kurudi kokote na wiki mbili zimepita, omba watazame akaunti ya kusubiri kwa kiasi na kwa tarehe, wakikadiria pungufu la ada. Wakiona imerudi, swali la tatu ndilo lingemwokoa yule mteja wetu: malipo mapya yatachukua namba kutoka wapi, kwenye taarifa zangu au kwenye bima yenyewe? Mwombe akusomee tarakimu nne za mwisho za namba itakayotumika. Asipoweza, omba suala lipelekwe idara ya malipo, na upewe namba ya kumbukumbu ya ombi hilo.

Kuna hali moja ambayo yote haya hayasaidii. Pesa isiporudi kabisa, huenda akaunti ya zamani haijafungwa. Watu wengi huacha kutumia akaunti wakadhani imefungwa, kumbe imelala tu na inapokea. Pesa imo humo. Nenda benki ile na kitambulisho. Huenda pia ilikuwa akaunti ya pamoja na mwenza wako wa zamani bado anaitumia. Hapo mlipaji amelipa kihalali akaunti uliyompa mwenyewe, na benki haiwezi kuitoa bila idhini ya mwenye akaunti. Na kwa nadra, namba imepewa mtu mwingine baada ya kufungwa. Benki nyingi hufuata namba na hazitazami jina, hivyo pesa huingia kimya. Mlipaji anaweza kutuma ombi la kuirejesha kupitia benki yake, lakini hilo ni ombi. Lina tofauti kubwa na `AC04`, maana benki ya upande wa pili inaweza kulazimika kumwomba mpokeaji akubali kwanza. Ndiyo maana inafaa kujua mapema kama uko kwenye njia ya kurudi au njia ya kuombea.

Ikiwa ni kodi

Mambo mawili hubadilika. La kwanza, mara nyingi mamlaka hutumia akaunti uliyoiandika kwenye ritani ya mwaka ule. Ukishawasilisha ritani, kubadilisha namba kwenye wasifu wako huenda kusiguse marejesho ya ritani hiyo, ugonjwa uleule wa bima iliyokatishwa. La pili, pesa iliyorudi haikai kwenye akaunti ya kusubiri kwa jina la mtu asiyejulikana. Huandikwa tena kwenye daftari lako la mlipa kodi kama salio lako. Hiyo ni habari njema kwa utambuzi. Lakini salio lililo kwenye daftari linaweza kukatwa deni jingine la kodi lililoiva katika kipindi hicho, na malipo mapya yakatoka pungufu. Ukiona kiasi kimepungua, omba taarifa ya daftari lako ya tangu siku malipo ya kwanza yalipotoka, uone mistari mitatu: yalipotoka, yaliporudi, na kilichokatwa katikati.

Walipaji wengine, namba mpya isipopatikana ndani ya muda waliouweka, hutuma hundi kwa anwani iliyohifadhiwa. Kama ulihama benki kwa sababu ulihama nyumba, anwani hiyo nayo ni ya zamani. Irekebishe siku hiyohiyo unayorekebisha akaunti, na uulize kama hundi imeshaandikwa, kwa sababu ikishaandikwa hawatalipa benki mpaka hundi ile isimamishwe au muda wake uishe.